Gereza la Babu: Kuyarudisha Maneno ya Kireno Kwao

Katika ukurasa wa tatu wa daftari la ukoo nililopewa nilitafsiri kwa Kireno palikuwa na sentensi fupi isiyo na neno gumu hata moja: “Babu alikaa gerezani miaka saba, akilipwa reale tatu kwa mwezi, kisha akarudi mjini akaoa.” Niliitafsiri bila kuinua kalamu. Niliandika “O avô esteve sete anos na prisão”, yaani babu alikuwa kifungoni miaka saba, nikaendelea na ukurasa wa nne. Zile reale tatu zilinitatiza kidogo, kwa sababu mfungwa halipwi mshahara, lakini nilijiambia kwamba huenda mwandishi alichanganya mambo, au pengine wafungwa wa zamani walipewa ujira wa kazi za sulubu. Mfasiri anapoanza kumtungia mwandishi visingizio, mara nyingi kosa huwa ni la mfasiri mwenyewe, na siku ile kosa lilikuwa langu.

Daftari lilikuwa la bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa anaishi na binti yake Pumwani, hapa Nairobi. Baba yake aliliandika kwa mkono mwaka 1961, kurasa arubaini hivi, akikusanya habari za wazee wake. Tawi moja la ukoo huo lilihamia kusini zamani, likaishia Kisiwa cha Msumbiji, na wajukuu wa huko leo wanasoma Kireno tu. Mimi niliishi Maputo miaka minne nikifanya kazi, nikarudi na Kireno cha kutosha kunipatia riziki ya tafsiri, na ndiyo sababu daftari likanifikia.

Nilipokamilisha kurasa kumi za kwanza nilimpelekea. Yeye hasomi Kireno, kwa hiyo tulipatana kwamba nitakuwa nikimfasiria tena kwa Kiswahili yale niliyoyaandika, sentensi kwa sentensi, ili ajue kama nimeelewa. Nilimwamkia, akaniitikia, tukawekewa chai ya tangawizi na mahamri, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye ukurasa wa tatu nikasema, “Babu alifungwa miaka saba.” Akaweka kikombe chini.

“Alifungwa na nani, mwanangu?”

“Daftari linasema alikaa gerezani, mama.”

“Alikaa gerezani, naam. Alikuwa askari wa Sultani. Babu yake baba hakufungwa hata siku moja. Hao watu wa Msumbiji ukiwaambia alifungwa watatucheka mpaka kiyama.”

Nilirudi nyumbani kwa matatu nikiwa na aibu, lakini pia na hamu, kwa sababu gereza ni miongoni mwa maneno ninayodai kuyajua. Kila aliyesoma Kiswahili katika shule ya sekondari amewahi kukariri orodha ya maneno yaliyotoka katika Kireno: meza, leso, bendera, kasha, gereza, mvinyo, padri. Orodha hiyo hutuambia neno lilitoka wapi, lakini haituambii lilipita wapi kabla ya kutufikia, na wala haimsaidii mtu anayetaka kulirudisha kwao. Neno gereza limetokana na “igreja”, na maana ya “igreja” kwa Kireno ni kanisa. Kama asili ingekuwa ndiyo tafsiri, babu wa daftari angekuwa amekaa kanisani miaka saba, na wajukuu wa Msumbiji wangedhani alikuwa padri.

Mabadiliko ya sauti si ya ajabu sana. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikifuatana kama zinavyofuatana katika “gre”, kwa hiyo irabu ikatiwa kati, ikawa “gere”. Irabu ya mwanzoni ikadondoka. Ile “j” ya Kireno haitamkwi kama j yetu ya jiwe au jambo. Ni sauti inayokwaruza, inayoendelea muda wote pumzi inapotoka, na katika Kiswahili sauti ya jirani yake ni z. Ndivyo “igreja” ilivyogeuka gereza, ikaingia katika ngeli ya makasha na makopo, wingi wake ukawa magereza. Kanuni hizi zikieleweka, mtu anaweza kulitambua neno hata kama limebadilika kiasi gani. Lakini kutambua sura ya neno ni jambo moja, na kujua lilikuwa likimaanisha nini katika mwaka fulani ni jambo jingine.

Safari ya maana yenyewe inaeleweka vizuri mtu akiitazama pale Mombasa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na ndani ya kuta zake walijenga pia kanisa, ambalo mabaki ya msingi wake yanaonekana uani hadi leo. Mnamo Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, ngome iliangukia mikononi mwa Waomani. Wareno waliirudia kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata, na hawakutawala tena pwani hii. Unguja nako, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno ndipo Waomani walipojenga ngome yao, ile inayoitwa leo Ngome Kongwe. Katika sehemu zote mbili, jengo ambalo watu walikuwa wamelisikia likitajwa kwa jina la kanisa lilikuwa ndani ya kuta za askari, au liligeuzwa kuwa kuta za askari. Waliokuwa wakisali humo waliondoka, jina likabaki na kuta. Gereza likawa ngome.

Hatua ya pili ilitokana na matumizi ya ngome zenyewe. Ngome ina kuta nene, mlango mmoja na walinzi usiku na mchana, kwa hiyo mtawala akitaka kumweka mtu asitoroke hana haja ya kujenga jengo jipya. Mombasa, jambo hili lilifanywa rasmi mwaka 1895, Waingereza walipoifanya Ngome ya Yesu kuwa jela ya serikali, na ikabaki hivyo hadi 1958. Kizazi kizima cha watu wa Mombasa kilizaliwa, kikakua na kikazeeka kikijua kwamba anayepelekwa gerezani amepelekwa kufungwa. Kilwa Kisiwani, ambako historia ilikwenda njia nyingine, ngome iliyo ufukweni inaitwa Gereza hadi leo, na mgeni anayeisoma ramani hudhani wakazi wa kisiwa kile kidogo walikuwa wahalifu sugu.

Jambo jingine dogo linaloonyesha jinsi neno lilivyokwisha kuhama ni jina tunaloliita kanisa. Wamisionari wa Kiprotestanti walipoanza kazi Mombasa katika miaka ya 1840 walihitaji neno la nyumba ya ibada ya Wakristo. Neno la Wareno lilikuwa bado linatumika mjini, likisikika kila siku, lakini lilikuwa limekwisha kuwa la mizinga na pingu. Nyumba ya ibada ikapata jina kutoka Kiarabu, kanisa, ingawa lile la Kireno ndilo lililowahi kufika.

Sasa turudi kwa babu. Nilipoketi tena na daftari nilijiuliza maswali ambayo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo. La kwanza lilikuwa la mwaka. Daftari halikutaja mwaka wa utumishi wa babu, lakini lilisema alioa “kabla Waingereza hawajaja kutawala”, kwa hiyo miaka saba ile yote ilikuwa kabla ya 1895, wakati ngome ilipokuwa bado ya askari wa Sultani wa Unguja. La pili lilikuwa la kitenzi. Mwandishi hakusema babu alitiwa gerezani, wala alifungwa, wala alitupwa. Alisema alikaa. Niliupekua tena ukurasa wa tatu na wa nne, nikakuta “alishika zamu” mara mbili, na “mizinga ya gerezani” mara moja, maneno ambayo nilikuwa nimeyapita bila kuyaunganisha. La tatu lilikuwa zile reale tatu, ambazo zilikuwa zikipiga kelele tangu mwanzo. Ushahidi ulikuwa umetosha. Nilifuta “prisão”, yaani kifungo au jela, nikaandika “fortaleza”, yaani ngome, na kuongeza neno “guarnição”, ambalo ni kikosi cha askari wanaolinda mahali. Babu akawa askari tena.

Kuhusu reale, nusura nitumbukie katika shimo jingine. Reale ni neno lenye asili ya Kireno na Kihispania, “real”, iwe lilitufikia moja kwa moja au kwa kupitia Kiarabu, na wingi wake kwa Kireno ni “reais”. Lakini “reais” ndiyo fedha ya Brazili ya leo, na msomaji wa Msumbiji anayetazama tamthilia za Kibrazili kila jioni angeona babu wa Mombasa akilipwa kwa noti za Brazili. Reale ya pwani katika karne ya 19 ilikuwa sarafu nzito ya fedha yenye kichwa cha Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyozagaa katika biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kwa hiyo niliandika “três táleres de Maria Teresa”. Ni maneno marefu kuliko ya asili, lakini hayadanganyi.

Nilidhani kazi ya gereza imekwisha. Nilimsomea Bi mkubwa marekebisho, akafurahi, akaniambia nisiogope kumuuliza, kwa kuwa yeye ndiye kamusi iliyobaki. Basi nikaendelea mpaka ukurasa wa 29, ambako mwandishi anasimulia habari za kaka yake mkubwa katika miaka ya 1920: “Na yeye akaingia gereza lile lile la babu, ila yeye kwa kufungwa, miezi miwili, kwa sababu ya kodi.”

Hapo nilikwama kwa siku mbili. Sentensi ile yote inategemea neno moja kuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Babu aliingia kwa mlango uleule akiwa na bunduki na mshahara. Mjukuu aliingia akiwa na pingu. Jengo ni moja, neno ni moja, na mwandishi alijua vizuri alichokuwa akifanya alipoandika “lile lile”. Katika tafsiri yangu, babu alikuwa “na fortaleza” na mjukuu angekuwa “na cadeia”, kwa kuwa “cadeia” ndilo neno la kawaida la jela huko Msumbiji. Msomaji wa Kireno angeona majengo mawili. Asingejua kwa nini mwandishi anacheka, wala asingejua kwamba anacheka kwa uchungu. Ningeweza kuweka tanbihi chini ya ukurasa, lakini tanbihi inayofafanua mzaha huuua.

Ufumbuzi ulitoka ndani ya Kireno chenyewe. Kuna neno “presídio”. Leo ukilisikia Brazili linamaanisha jela, na hakuna anayelifikiria zaidi ya hapo. Lakini katika nyaraka za Wareno za Afrika, “presídio” lilikuwa kituo cha kijeshi chenye boma na kikosi cha askari. Walikuwa na vituo vya namna hiyo Angola, na mji ambao leo ni Maputo ulianza kwao kwa jina la “presídio” la Lourenço Marques. Asili yake ni Kilatini, “praesidium”, neno lililoundwa kutokana na kitenzi cha kukaa: kukaa mbele ya kitu ili kukilinda. Halafu, kama lilivyofanya gereza huku kwetu, likateremka kutoka ngome hadi jela, kwa sababu zilezile za kuta nene na mlango mmoja. Maneno haya mawili hayana undugu wowote wa asili. Moja lilianza kama kanisa na jingine kama kikosi cha ulinzi, lakini yalikutana njiani, na kuanzia hapo yakatembea pamoja.

Kwa hiyo nilirudi ukurasa wa tatu kwa mara ya tatu. Sasa umeandikwa hivi: “O avô esteve sete anos no presídio, na guarnição do sultão.” Na ukurasa wa 29: “Também ele entrou no mesmo presídio do avô, mas como preso.” Neno “guarnição” katika sentensi ya kwanza linamzuia msomaji asimfunge babu, na neno “preso”, mfungwa, katika sentensi ya pili linamfunga mjukuu bila shaka. Katikati ya hayo mawili, “presídio” linasimama mahali pa gereza likibeba mizigo yote miwili. Bei yake ni kwamba kijana wa leo atashtuka kidogo anaposoma sentensi ya kwanza kabla hajafika kwenye Sultani. Niliona ni bei ya haki, kwa sababu hata mimi nilishtuka hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Jambo moja sikulitegemea. Ukurasa wa 33 unasema shangazi mmoja “alihamia Dar es Salaam akakaa gerezani karibu na Kariakoo”. Baba yake Bi mkubwa hakuwa mtu wa kujali herufi kubwa. Kwa bahati nilikuwa nimeshakuwa mwoga wa neno hili kiasi cha kutoligusa bila kuuliza. Gerezani ni mtaa, na shangazi alikuwa amepanga chumba tu. Mtaa huo hautafsiriwi kwa Kireno wala kwa lugha nyingine yoyote. Unabaki Gerezani, kwa herufi kubwa.

Maneno mengine ya Kireno yaliyomo katika daftari hayakunisumbua kwa kiwango hicho. Bendera ilirudi kuwa “bandeira” na padri akarudi kuwa “padre” bila kelele. Meza ni “mesa”, kitu kilekile chenye miguu minne, na hata z yetu ni ileile inayosikika kwao, maana s ya Kireno ikiwa kati ya irabu mbili hutamkwa z. Hatari pekee ya meza inatoka upande wetu, kwa kuwa tunacho pia kitenzi cha kumeza, ambacho ni cha Kibantu na hakina uhusiano wowote na Wareno. Nimewahi kumwona mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Brazili akitafuta samani katika maagizo ya mfamasia, “meza vidonge viwili”.

Leso ilihitaji uangalifu zaidi. “Lenço” kwa Kireno ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani, na Mombasa hadithi wanayosimulia ni kwamba wanawake walianza kwa kununua vitambaa vya namna hiyo kabla havijakatwa, wakavishona pamoja viwe nguo moja pana. Vyovyote iwavyo, leso ya daftari, “leso za harusi doti sita”, si kitambaa cha kufutia pua. Msumbiji nguo ya kujifunga inaitwa “capulana”, na ndilo neno nililolitumia, nikaongeza kwamba hizi huuzwa mbilimbili na zina usemi ulioandikwa chini, kwa sababu capulana ya kawaida haina usemi huo wala mji, yaani ile sehemu ya katikati ya nguo, wa namna hiyo. Pera nalo lilinitega. Bi mkubwa anakumbuka mpera uliokuwa uani, na “pera” kwa Kireno ni tunda jingine kabisa, la nchi za baridi. Mpera wetu kwao ni “goiabeira”.

Palikuwa na ukurasa mmoja tu ambao ulirudi Ureno mzima mzima. Ni ule wa karata. Mwandishi anaeleza wazee wakicheza barazani mwezi wa Ramadhani, na anataja shupaza, kopa, uru, pao na turufu. Kwa Kireno ni “espadas”, “copas”, “ouros”, “paus” na “trunfo”. Hakuna hata moja lililobadilika maana, na nadhani sababu ni kwamba mchezo hauruhusu. Shupaza ikianza kumaanisha kitu kingine, mtu wa pili atainuka mkekani akisema umemwibia. Ngome haina mtu wa pili wa kuinuka.

Nilipompelekea tafsiri nzima, Bi mkubwa alimpigia simu mjukuu wa ndugu yao kule kisiwani, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu, nami nikamsomea kijana ukurasa wa tatu kwa Kireno. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo kwa haraka. Bi mkubwa akanitazama.

“Anasema nini?”

“Anauliza kama babu alikuwa mfungwa, mama.”

“Mwambie asubiri,” akasema. “Msomee ukurasa wa mjukuu.”

Nilimsomea. Safari hii kijana hakuuliza kitu. Alicheka, cheko fupi, na Bi mkubwa, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja la nilichosoma, akacheka naye, akaniashiria nimimine chai.